WAKULIMA WA PAMBA WALIO PIA WACHIMBAJI WA DHAHABU: NAMNA YA KUWAHESABU KWA MCHORO WA VENN

Katika ukanda unaotoka Shinyanga kupitia Kahama hadi Geita, pamba na dhahabu hutoka katika ardhi moja na hushughulikiwa na mikono ile ile. Ushirika wa Kanda ya Ziwa ulijengwa juu ya pamba. Shirikisho la vyama vya ushirika vya Viktoria, lililoanzishwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, lilikuwa la wakulima wa zao hilo. Dhahabu nayo si jambo geni. Mgodi wa Geita wa enzi za ukoloni uliendelea kufanya kazi hadi mwaka 1966, kisha migodi mikubwa ikafunguliwa tena, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001. Pembeni ya migodi hiyo wapo wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mwakitolyo na kwingineko, na wengi wao wana mashamba.

Hata hivyo, katika rejista ya chama cha msingi kila mwanachama huandikwa kazi moja tu: mkulima. Katika mazungumzo ya vijijini mambo huwa kinyume chake, kwa maana mtu akionekana machimboni mara mbili huitwa mchimbaji, na ukulima wake husahaulika. Kutokana na mkanganyiko huo huzaliwa hoja ambayo si ngeni katika mikutano ya bodi: kwamba wachimbaji wasikopeshwe mbegu wala dawa ya kuua wadudu, kwa kuwa wao si wakulima wa kweli na hawalipi madeni. Hoja ya namna hiyo haiwezi kuamuliwa kwa haki mpaka ijulikane ni wanachama wangapi wanafanya kazi zote mbili. Chombo cha kupatia jibu hilo ni chepesi. Ni mchoro wa mviringo miwili inayopishana, ambao mwanahisabati Mwingereza John Venn aliueleza mwaka 1880, na ambao wengi wanaukumbuka kutoka somo la seti shuleni.

Mfano utakaotumika hapa umetungwa kwa ajili ya maelezo haya, na tarakimu zake si za chama chochote. Tuseme chama kina wanachama 220. Karani wa chama alizunguka vitongojini na kuwahoji wanachama 208. Wanachama 12 hakuwakuta.

MASWALI YA KUULIZA

Mchoro hauwezi kuwa mzuri kuliko maswali yaliyouzaa. Karani akiuliza, "Kazi yako ni nini?", mwanachama atataja kazi moja, na aghalabu atataja ile anayodhani karani anataka kuisikia. Mbele ya karani wa chama cha pamba atasema ni mkulima. Majibu ya aina hiyo hayana makutano yoyote, hata kama nusu ya wanachama wanafanya kazi zote mbili, kwa sababu swali lenyewe lilimtaka mtu achague upande mmoja.

Kwa hiyo yapasa kuuliza maswali mawili yanayojitegemea, kila moja likijibiwa kwa ndiyo au hapana. La kwanza: "Je, msimu uliopita ulipanda pamba katika shamba lako?" La pili: "Je, katika kipindi hicho hicho ulifanya kazi ya dhahabu?" Kipindi hakina budi kutajwa waziwazi, kwa mfano tangu kupanda mwezi Novemba hadi kufungwa kwa ununuzi wa pamba. Pasipotajwa kipindi, mmoja atajibu kwa kukumbuka mwaka huu na mwingine kwa kukumbuka ujana wake.

Hali kadhalika yafaa kukubaliana mapema maana ya "kazi ya dhahabu". Kushuka ndani ya duara ni kazi ya dhahabu bila shaka. Je, mwanamke anayeosha mchanga mwaloni, au kijana anayehudumia karasha? Chama kinaweza kuwaingiza au kuwaacha, lakini uamuzi uwe mmoja kwa wote na uandikwe juu ya fomu. Tena anayehesabiwa awe mwanachama mwenyewe, wala si kaya yake. Mume akichimba na mke aliye mwanachama akalima, kaya hiyo ina kazi zote mbili, lakini mwanachama aliyehojiwa ana kazi moja tu.

KWA NINI JUMLA MBILI HAZITOSHI

Baada ya kuhesabu majibu, karani wa mfano wetu aliona kuwa waliolima pamba ni 154, na waliofanya kazi ya dhahabu ni 83. Alipojumlisha alipata 237, ilhali watu waliohojiwa ni 208 tu. Katika hali kama hiyo mkaguzi asiye mwangalifu hudhani kuwa karani amebuni majina. Kumbe hakuna kosa lolote. Wanachama waliojibu ndiyo mara mbili wamehesabiwa mara mbili, mara ya kwanza wakiwa wakulima na mara ya pili wakiwa wachimbaji, na hao ndio waliozidisha jumla.

Yafaa kutazama kwa makini jinsi jumla hizo mbili zinavyosema kidogo. Ziada ya 237 juu ya 208 ni 29, kwa hiyo waliofanya kazi zote mbili hawawezi kupungua 29. Kwa upande mwingine hawawezi kuzidi 83, maana hiyo ndiyo idadi ya wachimbaji wote. Kati ya 29 na 83 ipo nafasi kubwa sana. Chama kinachopeleka jumla mbili tu makao makuu ya muungano hakijasema kama wachimbaji wake wengi ni wakulima au la. Hakuna hesabu yoyote ya kujumlisha na kutoa itakayolitoa jibu hilo katika jumla hizo. Hapana budi kurudi kwenye fomu zenyewe.

Njia nyepesi ya kurudi ni kupanga fomu mezani katika mafungu manne. Fungu la kwanza ni la waliojibu ndiyo kwa pamba na ndiyo kwa dhahabu. La pili ni ndiyo kwa pamba na hapana kwa dhahabu. La tatu ni hapana kwa pamba na ndiyo kwa dhahabu. La nne ni hapana kwa yote mawili. Kila fomu huingia fungu moja tu, wala hakuna fomu inayobaki mkononi. Karani alipofanya hivyo alihesabu fomu 61 katika fungu la kwanza. Hii ndiyo idadi iliyokuwa imejificha.

KUCHORA NA KUJAZA

Chora kwanza mstatili mkubwa kwenye karatasi. Mstatili huo ni wanachama wote waliohojiwa, na pembeni yake iandikwe 208. Kisha, kwa kufuatisha ukingo wa bilauri, chora ndani yake mviringo miwili inayopishana katikati. (Neno duara limeepukwa hapa kwa kuwa machimboni ni jina la shimo la kuchimbia.) Mviringo wa kushoto uandikwe PAMBA na wa kulia DHAHABU. Mchoro sasa una sehemu nne, na sehemu hizo ni yale mafungu manne ya fomu.

Ujazaji huanzia katikati, kisha huelekea nje. Utaratibu huu ndio unaozuia makosa, nao uko hivi:

(a) Andika 61 katika sehemu ya makutano, pale mviringo miwili inapopishana.

(b) Mviringo wa PAMBA wote una watu 154. Kati yao 61 wameshaandikwa. Waliobaki ni 154 – 61 = 93. Hao ni waliolima pamba bila kufanya kazi ya dhahabu.

(c) Mviringo wa DHAHABU wote una watu 83. Ondoa 61 walioandikwa, watabaki 22. Hao ni waliofanya kazi ya dhahabu bila kulima pamba.

(d) Jumlisha sehemu tatu: 93 + 61 + 22 = 176. Waliohojiwa ni 208, kwa hiyo 32 wako nje ya mviringo yote miwili lakini ndani ya mstatili. Huenda hao walilima mpunga, mahindi au dengu, au walichunga ng'ombe.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuandika 154 katika sehemu ya kushoto na 83 katika sehemu ya kulia, kisha kuongeza 61 katikati. Kosa hili hugunduliwa upesi: sehemu zote zikijumlishwa hupita idadi ya waliohojiwa. Kosa la pili ni kuisahau sehemu ya nje, mtu akidhani kuwa asiyelima pamba lazima awe mchimbaji. Kwa hiyo jaribio la mwisho ni moja tu: sehemu nne zikijumlishwa lazima zilingane na waliohojiwa. Hapa 93 + 61 + 22 + 32 = 208, na kila sehemu iwe sawa na fomu za fungu lake. Tarakimu ya sehemu yoyote ikitoka chini ya sifuri, ipo fomu iliyosomwa vibaya.

KUSOMA MAKUTANO

Idadi 61 husomwa kwa njia mbili, na njia hizo hutoa picha mbili tofauti. Ukiwatazama wachimbaji, 61 kati ya 83 walilima pamba, yaani karibu watatu katika kila wanne. Ukiwatazama wakulima wa pamba, 61 kati ya 154 walifanya kazi ya dhahabu, yaani karibu wawili katika kila watano. Watu ni wale wale 61, ila kundi wanalolinganishwa nalo limebadilika. Anayesema "wachimbaji wetu wengi ni wakulima" amesema kweli. Anayesema "wakulima wetu wengi ni wachimbaji" amekosea, ingawa wote wawili wametazama mchoro mmoja. Kwa sababu hiyo kila tarakimu ya makutano inayosomwa mkutanoni ifuatwe na maneno "kati ya", kisha kundi lake litajwe.

Sasa ile hoja ya bodi inaweza kupimwa. Wachimbaji wote wakinyimwa mkopo wa pembejeo, wasiolima pamba, yaani wale 22, hawapotezi chochote, kwa kuwa hawakuhitaji mbegu. Wanaoguswa ni 61 walio katikati. Kati ya wakulima 154 wa pamba, chama kitabaki kikiwahudumia 93. Azimio lililokusudiwa kwa wasiolima litakuwa limewaangukia wanaolima peke yao.

Walakini bado haijajibiwa sehemu ya pili ya hoja, kwamba wachimbaji hawalipi. Hiyo yataka mchoro mwingine wa namna ile ile, nao hupatikana kwa kulinganisha zile fomu na leja ya madeni. Mstatili sasa ni wakulima 154 wa pamba. Mviringo mmoja ni wa waliofanya kazi ya dhahabu, nao ni 61. Mwingine ni wa waliobaki na deni la pembejeo baada ya ununuzi kufungwa. Tuseme hao ni 31. Majina yakilinganishwa moja moja, yaonekana katika orodha zote mbili majina 14. Basi katikati ni 14, wachimbaji wasio na deni ni 47, wadaiwa wasio wachimbaji ni 17, na wasio wachimbaji wala wadaiwa ni 76. Jumla ni 154.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa wa kusoma makutano. Mjumbe anaweza kusimama na kusema, "Wadaiwa ni 31, na 14 kati yao ni wachimbaji. Karibu nusu!" Tarakimu hizo ni sahihi, na wasikilizaji watatikisa vichwa. Lakini wachimbaji ni sehemu kubwa ya wakulima wenyewe, 61 kati ya 154. Kama deni lingewaangukia wakulima bila kujali nani anachimba, tungetazamia sehemu ile ile ya wadaiwa wawe wachimbaji, yaani 31 × 61 ÷ 154, ambayo ni kama watu 12. Waliopatikana ni 14. Tofauti ni ya watu wawili.

Njia iliyonyooka zaidi ni kulinganisha makundi mawili, kila moja ndani ya mipaka yake. Kati ya wakulima 61 wanaochimba, 14 wana deni, yaani asilimia 23. Kati ya wakulima 93 wasiochimba, 17 wana deni, yaani asilimia 18. Katika mfano huu wachimbaji wamezidi kidogo, wala haiwezi kusemwa kuwa uchimbaji ndio chanzo cha deni. Wachimbaji 47 kati ya 61 walilipa, na azimio la kuwanyima wote lingewaadhibu hao 47 kwa ajili ya 14, huku wadaiwa 17 wasiochimba wakiendelea kukopeshwa. Kama bodi inataka kuzuia mikopo kwa wadaiwa, basi orodha inayohitajika ni ile ya wadaiwa 31, bila kuuliza nani alionekana machimboni.

Katika chama kingine majibu yanaweza kuwa tofauti kabisa. Kama kati ya wadaiwa 31 wachimbaji wangekuwa 28, chama kingekuwa na sababu ya kuchunguza kama palizi la Januari na Februari linaachwa kwa ajili ya machimbo, au kama pamba ya wanachama hao inauzwa mahali pengine ili kukwepa makato. Mchoro usingeweza kusema ipi kati ya sababu hizo ndiyo ya kweli. Ungeonyesha tu kwamba lipo jambo la kuulizwa, na watu wa kuulizwa ni akina nani.

WASIOKUTWA NYUMBANI

Wamebaki wanachama 12 ambao karani hakuwakuta. Kishawishi kilichopo ni kuwaweka nje ya mviringo pamoja na wale 32, ili jumla ifike 220. Hilo ni kosa. Wale 32 walijibu hapana mara mbili, na hawa 12 hawakujibu kitu. Isitoshe, asiyekutwa nyumbani wakati machimbo yana watu wengi huenda yuko huko huko machimboni. Kutokuwepo kwake kunaweza kuwa ni dalili ya jibu.

Utaratibu wa haki ni kuwaandika pembeni, nje ya mstatili, kwa maneno "hawakuhojiwa: 12". Kisha mipaka ielezwe. Kama hakuna hata mmoja wao afanyaye kazi zote mbili, makutano ya chama kizima ni 61. Kama wote 12 wanafanya zote mbili, makutano ni 73. Bodi inayojua kwamba idadi ya kweli iko kati ya 61 na 73 inajua vya kutosha kuagiza mbegu na kuamua hoja iliyo mbele yake. Lakini kama wasiokutwa wangekuwa 80, mipaka hiyo ingetawanyika mno, na kazi ya karani ingekuwa kurudi vitongojini jioni, au kuwafuata wanachama hao siku ya gulio.

Yafaa pia kukumbuka kwamba mchoro huu huhesabu watu. Hauhesabu kilo wala shilingi. Mwanachama aliyepanda nusu eka na aliyepanda eka kumi wote ni mmoja mmoja ndani ya mviringo. Anayetaka kujua pamba kiasi gani hutoka kwa wale 61 atafute majina yao katika leja ya ununuzi na kujumlisha uzito wao, wala asidhani kwamba kwa kuwa wao ni wawili kati ya watano, basi huleta kilo mbili kati ya tano.

YA KUPELEKA KWENYE MUUNGANO

Chama kikifanya uchunguzi wa aina hii, taarifa yake iwe na tarakimu sita na sentensi mbili. Tarakimu ni idadi ya wanachama, idadi ya wasiohojiwa, na zile sehemu nne za mchoro. Sentensi ya kwanza itaje kipindi kilichoulizwa, na ya pili ieleze ni akina nani waliohesabiwa kuwa wamefanya kazi ya dhahabu. Kutokana na hizo, jumla yoyote inaweza kupatikana makao makuu. Sehemu za vyama viwili zilizopatikana kwa maswali yaliyo sawa zinaweza kujumlishwa bila kuchanganya, mradi hakuna mwanachama aliyeandikwa katika vyama vyote viwili. Fomu zenyewe zifungwe mafungu manne kama zilivyopangwa mezani na zitunzwe katika kabati la chama, ili mwanachama au mkaguzi atakayetilia shaka ile 61 aweze kuzihesabu mwenyewe.